Ripoti inasema paili imefaulu: hivi ndivyo ninavyoikagua

Ripoti nyingi za jaribio la mzigo kwenye paili, yaani nguzo ya msingi iliyo ardhini, huishia na sentensi moja: paili imezama chini ya kikomo, kwa hiyo imefaulu. Sentensi hiyo huwa naiacha mwisho. Naanza na jedwali la vipimo, kwa sababu maswali ni mawili: je, paili inazama kiasi kinachokubalika chini ya mzigo wa kazi, na je, ina akiba ya kutosha juu ya mzigo huo? Jibu la kwanza halikupi la pili.

Tuchukue mfano wa paili ya kuchoronga yenye kipenyo cha milimita 800 na urefu wa mita 24. Mzigo wa kazi ni kN 2,500 na jaribio limefika mara 1.5, yaani kN 3,750. Mkataba unaruhusu izame milimita 10 chini ya mzigo wa kazi. Wastani wa geji nne zinazopima kuzama kichwani mwa paili ni huu: milimita 4.6 kwenye kN 2,500, 7.4 kwenye kN 3,125, na 12.1 kwenye kN 3,750. Mzigo ulipoondolewa wote, zilibaki milimita 6.3.

Kwa kikomo cha mkataba, 4.6 iko salama. Ila angalia hatua mbili za mwisho. Zote zimeongeza kN 625, lakini ya kwanza imezamisha paili milimita 2.8 na ya pili 4.7. Mchoro umeanza kuinama, na sababu inapatikana kwa hesabu ndogo.

Zege lenyewe hufinyika likibebeshwa mzigo. Kama mzigo wote ungeshuka hadi kitakoni, ufinyaji ungekuwa `PL/AE`, yaani mzigo mara urefu, ukigawa kwa eneo mara moduli. Eneo la paili hii ni mita za mraba 0.503, na moduli ya zege naichukua GPa 30, hivyo kwenye kN 3,750 tunapata karibu milimita 6.0. Sasa linganisha na ilivyorudi juu: 12.1 kutoa 6.3 ni 5.8. Paili imerudi karibu kiasi chote cha nguzo iliyobanwa kutoka kichwani hadi kitakoni. Paili inayobebwa na msuguano wa ubavuni hurudi pungufu ya hapo, kwa kuwa mzigo hupungua kadiri unavyoshuka. Udongo wa kitakoni nao huchangia kidogo katika kurudi huko, lakini dalili ni kwamba msuguano umekaribia kuisha na kitako kimeanza kubeba.

Hilo halishangazi. Msuguano wa ubavuni hufika kileleni mapema, mara nyingi paili ikizama asilimia 0.5 hadi 1 ya kipenyo, hapa milimita 4 hadi 8. Kitako huhitaji mengi zaidi, karibu asilimia 10, yaani milimita 80. Hapa ndipo uchafu wa paili za kuchoronga unapojitokeza: kama matope ya bentonaiti yanayoshikilia kuta za shimo na mchanga havikusafishwa chini ya shimo kabla ya kumwaga zege, kitako kinakaa juu ya kitu laini na paili huteleza ubavu unapochoka.

Jambo la pili ni muda. Masharti ya kiufundi ya ICE, taasisi ya wahandisi wa ujenzi ya Uingereza, hutaka kasi ya kuzama ishuke kabla ya kuhama hatua: milimita 0.1 kwa saa kama paili imezama chini ya milimita 10, na asilimia 1 ya kilichozama ikiwa kati ya 10 na 24. Kwenye kN 3,125 saa ya mwisho ilionyesha 0.06, sawa. Kwenye kN 3,750 kikomo ni 0.12, na jedwali linasoma 0.15. Saa sita za kushikilia mzigo zilitimia, wakaushusha. Paili ilikuwa bado inakwenda.

Kabla ya kuhukumu, hakikisha vipimo ni vya kuaminika. Mzigo uwe umesomwa na kipima mzigo chenye cheti, si presha ya jeki pekee, kwa sababu pistoni huwa na msuguano wake. Boriti ya rejea inayoshika geji ikipigwa na jua hujikunja na kuharibu sehemu za milimita. Ukiona geji zote zinapanda au kushuka pamoja mchana na mzigo haujabadilika, shuku boriti.

Kwa jedwali hili ningeandika hivi: kuzama kwa paili hii chini ya kN 2,500 kumethibitishwa kwa mzigo wa muda mfupi, akiba ya mara 1.5 haijathibitishwa. Ningeomba kumbukumbu za usafishaji wa shimo na mzigo urudishwe hadi kN 3,750 ushikiliwe mpaka kasi ishuke. Isiposhuka, hatua ya mwisho iliyotulia ni kN 3,125, na ukigawa kwa 1.5 mzigo wa kazi unakuwa karibu kN 2,080, hadi paili nyingine ijaribiwe zaidi. Kuzama kwa kundi la paili juu ya udongo wa mfinyanzi kwa miaka kunahitaji hesabu yake yenyewe. Jaribio la saa chache kwenye paili moja haliligusi.