Ankara ya mafuta alipe nani? Dhana potofu kuhusu mbio za mishahara na bei

Dhana: Mfumuko wa bei huletwa na wafanyakazi wanaodai mishahara mikubwa.

Nimeisikia kauli hii mara nyingi, na kila mara inaniudhi, kwa sababu inamlaumu mtu ambaye kwa kawaida ndiye wa mwisho kupata habari. Mbio za mishahara na bei, yaani bei na mishahara kufukuzana kupanda, mara nyingi huanza na pigo la nje kama mafuta kupanda bei, na mshahara huja nyuma ukijaribu kufidia kilichokwisha kupotea.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme tija ya mfanyakazi inakua kwa asilimia 1 kwa mwaka. Mshahara ukipanda kwa asilimia 3, gharama ya kazi katika kila kitu kinachozalishwa inapanda kwa takriban asilimia 2 tu, na bei zinaweza kupanda kwa kiasi hichohicho bila mwajiri kupunjika. Nyongeza ya mshahara peke yake haina ubaya. Tatizo linaanzia kwenye namba ambayo pande zote mbili zinaingia nayo kwenye chumba cha majadiliano. Wote wakiamini kwamba mwaka ujao bei zitapanda kwa asilimia 7, chama cha wafanyakazi kitadai asilimia 8. Mwajiri naye atakubali bila ubishi mkubwa, kwa kuwa anajua washindani wake watapandisha bei kama yeye. Gharama inapanda kwa asilimia 7, bei zinaifuata, na mwisho wa mwaka kila mmoja anasema: si nilisema? Utabiri umejitimiza wenyewe, na hakuna aliyekuwa na tamaa kuliko jana.

Dhana: Dawa ni kuufunga mshahara kwenye bei, ili mfanyakazi asipunjike.

Wazo hili lina utu, ndiyo maana linavutia. Uingereza ililijaribu mwishoni mwa mwaka 1973, chini ya serikali ya Edward Heath. Makubaliano ya mishahara yaliruhusiwa kuwa na kifungu cha kizingiti: bei zikizidi kiwango cha Oktoba 1973 kwa asilimia 7, mfanyakazi anaongezwa peni 40 kwa wiki, na peni 40 nyingine kwa kila asilimia 1 inayofuata. Walioandika kifungu hicho walitumaini kwamba kizingiti hakitafikiwa, au kitaguswa kidogo tu. Kilikuwa cha kuwatuliza watu, ili wasidai nyongeza kubwa mapema kwa woga.

Wakati huohuo bei ya mafuta ghafi ikapanda karibu mara nne ndani ya miezi michache, na kifungu kikaanza kufanya kazi. Kufikia mwisho wa 1974 kilikuwa kimewashwa mara 11, jumla ya pauni 4 na peni 40 kwa wiki. Kwa mtu aliyekuwa akilipwa pauni 40 kwa wiki, hiyo ni asilimia 11 juu ya nyongeza yake ya kawaida. Kwa aliyelipwa pauni 25, kila peni 40 ilikuwa asilimia 1.6, yaani fidia ilizidi kupanda kwa bei kwenyewe. Kila malipo yaliongeza gharama, gharama ikaingia kwenye bei, na bei ikawasha malipo yanayofuata. Agosti 1975 bei zilikuwa juu kwa karibu asilimia 27 kuliko mwaka mmoja nyuma.

Kilichosahaulika ni kwamba mafuta yalipopanda, nchi nzima ilikuwa imeshakuwa maskini kidogo. Ankara ile ilikwenda kwa wauzaji wa nje, na lazima mtu wa ndani ailipe, kwa mshahara wake, kwa faida yake au kwa kodi yake. Kifungu kilimwahidi mfanyakazi kwamba hatailipa. Mwajiri naye aliyepandisha bei alikuwa anasema hatailipa. Ankara ikawa inarushwa huku na huku, na kila mruko ukaongeza mfumuko.

Dhana: Riba haichimbi mafuta, kwa hiyo benki kuu ingesubiri tu pigo lipite.

Nusu ya kwanza ni kweli, na pigo la mara moja ambalo halijaingia kwenye mikataba linaweza kweli kuachwa lipite. Likishaingia, kusubiri kunakuwa kulegeza. Chukua benki yenye riba ya asilimia 4 wakati watu wanatarajia mfumuko wa asilimia 3. Ukitoa mfumuko huo, mkopaji anabeba gharama halisi ya asilimia 1. Matarajio yakifika asilimia 7 na benki ikapandisha riba hadi 6, magazeti yataandika kwamba imebana, lakini gharama halisi imeshuka hadi hasi 1. Kukopa kumekuwa rahisi kuliko mwanzo. Ndiyo maana riba inapaswa kupanda kuliko matarajio yalivyopanda, na ndiyo maana hatua hizo huonekana za kikatili.

Ujerumani Magharibi ilipigwa na mafuta yaleyale. Mapema 1974 wafanyakazi wa umma waligoma na kupata nyongeza ya takriban asilimia 11. Bundesbank, benki kuu yao, haikulegeza ili kuzigharimia nyongeza za namna hiyo, na Desemba 1974 ilitangaza hadharani ni kiasi gani cha fedha itaruhusu kiongezeke mwaka unaofuata. Ujumbe kwa meza za majadiliano ulikuwa wazi: mkikubaliana mishahara mikubwa, wateja hawatakuwa na fedha za kulipia bei zenu mpya, na kitakachopungua ni ajira. Mwaka 1975 mfumuko wao ulikuwa karibu asilimia 6, wakati wa Uingereza ulikuwa karibu 24. Haikuwa bure, kwani wasio na kazi walipita milioni moja.

Kuchelewa kuligharimu zaidi. Marekani iliyumba kwa karibu muongo mzima, ikibana kisha ikilegeza, hadi hakuna aliyeamini ahadi za benki kuu. Paul Volcker alipoingia kuiongoza benki kuu hiyo mwaka 1979 ilimbidi aifikishe riba karibu asilimia 20, na mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 10.8. Sehemu kubwa ya maumivu yale ilikuwa bei ya kununua upya imani iliyopotea.

Dhana: Mishahara ikipanda haraka baada ya bei, mbio zimeshaanza.

Huenda ni kufidia tu. Juni 2022 mfumuko wa Marekani ulifika asilimia 9.1 na mishahara ikapanda kwa kasi isiyo ya kawaida, lakini matarajio ya watu kuhusu bei za miaka mingi mbele hayakusogea sana. Benki kuu ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, na Juni 2023 mfumuko ulikuwa asilimia 3, huku wasio na kazi wakibaki chini ya asilimia 4. Kupungua kwa uhaba wa bidhaa na nishati kulisaidia pia, kwa hiyo sifa zote si za riba.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama hali ni mbaya asitazame ukubwa wa nyongeza peke yake. Aangalie kama mikataba ya miaka mitatu inageuka ya mwaka mmoja, kama vifungu vya kufunga mshahara kwenye bei vinarudi, na watu wanasema nini wakiulizwa kuhusu bei za miaka mitano ijayo. Jibu la mwaka ujao huyumba kila mafuta yanapopanda. Jibu la miaka mitano likianza kupanda nalo, benki kuu haina tena nafasi ya kusubiri.