Huo mstari uliolala nao ni ARIMA

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza chuo juzi juzi alinifuata Nyakato, akanipa shikamoo safi kabisa, kisha akanisuta kwa heshima zote: "Mwalimu, lile duka la mama kule Kayenze mbona ulilifanyia kwa `ses`? Ile si ya kizamani? Inatoa mstari uliolala tu. Mimi ningemwekea ARIMA."

Anazungumzia ubashiri wa mauzo katika R, programu ya takwimu: `ses` hulainisha mauzo yaliyopita kupata kiwango kimoja, na ARIMA ni familia ya modeli zinazobashiri kutokana na mauzo na makosa yaliyopita. Huyu ni wa nne mwaka huu. Watatu wa kwanza niliwajibu kwa upole. Wa nne naandika.

Duka lenyewe liko hatua chache kutoka mwaloni. Unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, betri. Mama mwenye duka ana daftari la wiki 58, na kila Jumatatu anatuma oda ya jumla mjini. Kwa hiyo swali lake ni moja: wiki hii nitauza kiasi gani? Hataki kujua habari za mwezi wa sita mwakani. Nilichukua daftari, nikajumlisha kwa wiki, nikaweka katika maelfu ya shilingi.

Sasa twende kwenye kinachoniudhi. Watu wanadhani `ses` na ARIMA ni madaraja mawili, moja la watoto na jingine la wakubwa. `ses` ni ARIMA. Ni ARIMA(0,1,1) isiyo na namba ya mwelekeo, basi. Namba hizo tatu, p, d na q, zinasema modeli inatumia wiki ngapi zilizopita, inatoa wiki iliyopita kwenye wiki hii mara ngapi, na inatumia makosa mangapi yaliyopita. Muth alionyesha mwaka 1960 kwamba ukiwa na mfululizo ambao kiwango chake kinatangatanga taratibu, na juu yake kuna kelele za wiki hadi wiki, hakuna ubashiri unaojumlisha mauzo yaliyopita kwa uzito wowote utakaoishinda njia hii. Usiniamini mimi, chukua kalamu.

Tuseme kiwango tulichokuwa nacho ni 620, na alfa, yaani sehemu ya kosa tunayoichukua, ni 0.3. Wiki inafika, mama anauza 710. Tumekosea kwa 90. Kwa `ses` unaongeza sehemu ya kosa kwenye kiwango: 620 + 0.3 × 90 = 647. Huo ndio ubashiri wa wiki inayofuata. Kwa ARIMA(0,1,1) unaanza na mauzo yenyewe, kisha unarudisha sehemu ya kosa: 710 − 0.7 × 90 = 647. Wiki inayofuata anauza 480. Kosa ni −167. Njia ya kwanza: 647 − 50.1 = 596.9. Njia ya pili: 480 + 116.9 = 596.9. Endelea hivyo mpaka daftari liishe, hazitaachana hata shilingi. Kile R inachokiita `ma1` ni alfa ukitoa moja.

```r
library(forecast)
y <- ts(mauzo)
ses(y, h = 1)
Arima(y, order = c(0, 1, 1))
```

Ukiendesha mistari hiyo utaona alfa hazilingani sawasawa. Ni kwa sababu kila moja inaanzisha wiki ya kwanza kwa namna yake, na `ses` hairuhusu alfa kuvuka moja ilhali `Arima` inaruhusu. Tofauti ni ndogo. Na mstari uliolala? ARIMA(0,1,1) nayo hulaza mstari. Ukiiuliza wiki kumi mbele itakupa namba ile ile mara kumi, kwa sababu haina habari yoyote ya kusema wiki ya saba itatofautiana na ya sita. Mstari unaopinda kwenye skrini si ushahidi kwamba modeli inajua kitu.

Hapo kijana akatoa turufu yake: "Lakini AIC ya `auto.arima` ni ndogo, Mwalimu." AIC ni alama ya kupima modeli, ndogo ndiyo bora, na `auto.arima` ni amri inayojichagulia p, d na q. Naomba tukae hapa kidogo, maana hili nimelisikia hata kwa watu wenye vyeo. AIC ya `ets`, amri ya jumla yenye `ses` ndani yake, na AIC ya `Arima` haziwekwi kwenye mizani moja. ARIMA ikitoa wiki iliyopita kwenye wiki hii inabaki na namba 57, wakati `ets` inahesabu zote 58 na kiwango cha mwanzo inakihesabu kama kigezo cha ziada. Juu ya hayo, `ets` inaacha nje vipande vya fomula visivyobadilika ambavyo `Arima` inavijumlisha. Kwa daftari hili, modeli ile ile, niliyokuonyesha sasa hivi kuwa ni ile ile, ilipewa AIC mbili zilizopishana kwa zaidi ya 80. Modeli haiwezi kujishinda yenyewe kwa pointi 80. Hata ndani ya ARIMA, ukilinganisha iliyotofautishwa mara moja na isiyotofautishwa kabisa, AIC haikusaidii, maana data si ile ile.

Kinachosaidia ni kujifanya hujui. Nilifunika daftari kuanzia wiki ya 41, nikabashiri wiki ya 41 kwa 40 za kwanza, nikafunua, nikabashiri ya 42 kwa 41, hivyo hivyo hadi 58. Ubashiri 18. Wastani wa kosa, bila kujali alama: `ses` elfu 84, `auto.arima` elfu 81, na kukopi tu wiki iliyopita elfu 103. Kijana akatabasamu kwa hizo elfu tatu. Kwa ubashiri 18, elfu tatu ni mteja mmoja aliyechukua kiroba cha unga siku ya Jumapili badala ya Jumatatu.

Nilichomwonyesha ni kitu kingine: katika mizunguko hiyo 18, `auto.arima` ilibadilisha umbo la modeli mara tano. Wiki hii (0,1,1), wiki mbili baadaye (2,0,0) yenye wastani, kisha wastani mtupu, kisha ikarudi. Ukiongeza wiki moja tu na modeli ikageuka sura, jua kwamba namba hazitoshi kuchagua. Uhusiano kati ya wiki na wiki, kwa wiki 58, unaweza kufika 0.25 chanya au hasi kwa bahati tu. Hata alfa yenyewe ni ya kushikwa kwa koleo: tulipata 0.3, lakini ukikokotoa kosa sanifu linaruhusu popote kati ya 0.12 na 0.48. Upande mmoja wiki iliyopita inapewa uzito wa asilimia 12, upande wa pili karibu nusu. Hapo tunakadiria kigezo kimoja. Wewe unataka vitatu?

Habari ya msimu wa mwaka nitaipita haraka. Kijana aliweka `frequency = 52` na kulazimisha `D = 1`, yaani kila wiki itolewe wiki kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Wiki 58 ukitoa 52, zinabaki namba sita. Modeli yake ilikuwa inanakili mwaka jana, ikiwemo wiki ambayo mtaa ulikuwa na msiba mkubwa na duka likauza sukari mpaka ikaisha. Modeli ilimpangia mama msiba mwingine, tarehe zile zile.

Lakini sasa lazima niseme ukweli ambao sikumwambia kijana siku ile, kwa sababu ya kiburi. Ile (2,0,0) iliyokuwa inakuja na kutoweka ilinikosesha usingizi. Kigezo chake cha pili kilikuwa hasi kila mara, karibu −0.4. Yaani ukiuza sana, wiki mbili baadaye unauza kidogo. Hiyo si kelele ya kawaida ya duka la unga.

Ni mwezi. Kayenze watu wanavua dagaa kwa taa, na taa hazivuti dagaa kwenye mbalamwezi. Giza likiingia mitumbwi inatoka na hela inaingia dukani. Mwezi ukijaa, watu wanashona nyavu na kukopa. Mzunguko wa mwezi ni siku 29.5, ambazo ni wiki 4.2. Nusu yake ni wiki mbili na kidogo. Ndiyo maana uhusiano na wiki iliyopita ulikuwa karibu sifuri, na ule wa wiki mbili nyuma ulikuwa hasi. `auto.arima` ilikuwa imenusa mwezi bila kujua ni nini. Na `ses` yangu ilikuwa inaufukuza kwa nyuma: baada ya wiki nzuri za giza inapandisha kiwango, wakati mbalamwezi ndiyo inafika.

Usikimbilie kuweka msimu wa wiki 4. Hiyo robo ndogo inayobaki, wiki 0.22, inajilimbikiza kila mzunguko. Baada ya wiki kama 40, giza la modeli yako litakuwa mbalamwezi ya ziwani, na utamjazia mama mzigo watu wakiwa wanakopa. Afadhali uupe mwezi safu yake. Kwa kila wiki nilihesabu usiku wa giza, kuanzia 0 hadi 7, kwa kalenda ya mwezi. Uzuri wake ni kwamba wiki ijayo inajulikana tangu leo.

```r
m <- Arima(y, order = c(0, 1, 1), xreg = giza)
forecast(m, xreg = giza_ijayo)
```

Kila usiku wa giza uliongeza kama elfu 22. Kosa likashuka kutoka 84 hadi 66. Tazama lakini: `order` haikubadilika. Ni ile ile `ses`, imepewa safu moja ambayo amri ya `ses` haina mahali pa kuipokea. Kama ungekuwa na karatasi tu, ungetoa elfu 22 kwa kila usiku wa giza, ulainishe kinachobaki, kisha urudishe za wiki inayokuja.

Hiyo 66 hata mimi siiamini yote. Niliamua usiku upi uitwe wa giza baada ya kuangalia daftari zima, zikiwemo wiki nilizojifanya nimezifunika. Daftari lina mizunguko kama 14 tu ya mwezi. Upepo ukichafuka, giza linapita bila mtumbwi kutoka, na safu yangu haijui upepo. Tena kuna wiki ambazo mafuta ya kupikia yaliisha dukani, na mauzo madogo nikayasoma kama watu hawakutaka, kumbe hayakuwepo.

Kwa hiyo tangu wiki ya 59 natuma namba mbili kwa simu kila Jumapili usiku, moja yenye mwezi na moja isiyo na mwezi, na mama anaziandika kwa kalamu pembeni ya daftari kabla hajafungua duka. Kijana naye anatuma yake ya tatu. Anayo ruhusa ya kutumia p na q zozote anazotaka, mradi asizibadilishe baada ya kuona mauzo.