Miaka 14 si miaka 10: tunavyokosea kusoma jedwali la sensa

Jedwali ninalolitumia zaidi ninapofundisha somo la idadi ya watu lina mistari sita tu. Ni matokeo ya sensa za Tanzania tangu Azimio la Arusha hadi juzi, yaliyokadiriwa kwa desimali moja ya milioni:

| Mwaka wa sensa | Idadi ya watu (milioni) |
|---|---|
| 1967 | 12.3 |
| 1978 | 17.5 |
| 1988 | 23.1 |
| 2002 | 34.4 |
| 2012 | 44.9 |
| 2022 | 61.7 |

Kila nikisahihisha maswali yanayotokana nalo nakutana na makosa yaleyale. Machache yanatoka kwa wanafunzi. Mengine yanatoka kwetu walimu tunaotunga maswali.

Dhana: Jedwali ambalo wanafunzi wameshaliona kwenye kitabu halifai kutungiwa swali, kwa sababu majibu wanayo.

Walicho nacho ni tarakimu. Nikiuliza "Mwaka 2002 Tanzania ilikuwa na watu wangapi?" hapo kweli nimewapa alama ya kunakili. Lakini nikiuliza ni kati ya sensa zipi mbili watu waliongezeka kwa wastani mdogo zaidi kila mwaka, hakuna mstari wa jedwali ulioandikwa jibu hilo. Inabidi mwanafunzi achukue mistari miwili, atoe, kisha agawe. Jedwali ni lilelile la kitabuni, ila kazi ni mpya. Mimi hupima swali langu hivi: nikilifunika jedwali kwa mkono na bado swali likajibika, nalifuta. Na likijibika kwa kutazama mstari mmoja tu, nalipa alama moja, basi.

Dhana: Kipindi chenye tofauti kubwa ndicho kilichokuwa na ongezeko la kasi zaidi.

Hili ndilo kosa linalowanasa hata wanafunzi wazuri, na linatokana na safu ya kwanza ya jedwali, ile ambayo hakuna anayeitazama mara mbili. Wanafunzi huiona miaka kama majina ya mistari, wakati nayo ni takwimu.

Tulinganishe vipindi viwili. Kati ya 1988 na 2002 watu waliongezeka kutoka milioni 23.1 hadi 34.4, yaani milioni 11.3. Kati ya 2002 na 2012 waliongezeka kutoka milioni 34.4 hadi 44.9, yaani milioni 10.5. Mwanafunzi anaona 11.3 imeizidi 10.5 na anaandika kwamba ongezeko lilipungua kasi baada ya 2002. Hesabu yake ya kutoa ni sahihi kabisa. Alichosahau ni kuuliza milioni hizo ziliongezeka kwa miaka mingapi.

Kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka 14. Ukigawa 11.3 kwa 14 unapata takriban milioni 0.81 kwa mwaka, sawa na watu 810,000 hivi. Kutoka 2002 hadi 2012 ni miaka 10, na 10.5 ukiigawa kwa 10 ni milioni 1.05 kwa mwaka. Jibu limegeuka juu chini: kipindi kilichoonekana kidogo ndicho kilichoongeza watu wengi zaidi kila mwaka. Kwa hiyo kabla ya swali lolote nawaagiza waongeze safu ya tatu kwa penseli, ya idadi ya miaka kati ya sensa na sensa: 11, 10, 14, 10, 10. Kazi ya dakika moja, na inaokoa alama nyingi.

Kosa hilohilo linahamia kwenye grafu. Mwanafunzi anachora grafu mstari, anaweka miaka sita kwenye mhimili mlalo kwa nafasi sawa, sentimita 2 kila mmoja, kama anayepanga viti. Mstari wa 1988 hadi 2002 unapanda mkali kuliko wa 2002 hadi 2012, na grafu yake sasa inathibitisha uongo. Kwenye grafu mstari, nafasi ni muda. Ukichagua sentimita 2 ziwakilishe miaka 10, basi kutoka 1967 hadi 1978 ni sentimita 2.2, na kutoka 1988 hadi 2002 ni sentimita 2.8. Ukichora hivyo, mstari wenyewe utakuonyesha kwamba baada ya 2002 ulizidi kupanda. Kwenye grafu ya nguzo nafasi sawa hazina tatizo, maana tunalinganisha urefu wa nguzo, ilimradi mtu asianze kusoma kasi humo.

Dhana: Kiwango cha ongezeko kikishuka, idadi ya watu imepungua.

Vitabu vingi huongeza safu ya asilimia ya ongezeko kwa mwaka: 3.2 kwa kipindi cha 1967 hadi 1978, kisha 2.8 kwa kipindi cha 1978 hadi 1988. Swali linasema, "Eleza mabadiliko yaliyotokea," na majibu mengi yanasema watu walipungua. Walipungua vipi, na jedwali linaonyesha milioni 17.5 zimekuwa 23.1?

Hata ukisema "ongezeko lilipungua" bado hujasalimika. Kipindi cha kwanza kiliongeza milioni 5.2 kwa miaka 11, karibu watu 470,000 kwa mwaka. Cha pili kiliongeza milioni 5.6 kwa miaka 10, watu 560,000 kwa mwaka. Asilimia ilishuka huku watu wanaoongezeka kila mwaka wakizidi, kwa sababu asilimia 2.8 ya nchi yenye watu wengi ni kubwa kuliko asilimia 3.2 ya nchi yenye watu wachache. Jibu kamili ni kwamba *kiwango* cha ongezeko kilishuka. Neno hilo moja ndilo ninalolitafuta ninaposahihisha.

Dhana: Mstari unaounganisha nukta mbili unaonyesha kilichotokea katikati.

Nukta ni sensa, lakini mstari tumeuchora sisi kwa rula. Nikiuliza idadi ya watu mwaka 1995, mwanafunzi anapandisha kidole kutoka mhimili mlalo hadi kwenye mstari na kusoma milioni 28.7. Njia yake ni nzuri, ila mstari ulionyooka unachukulia kwamba kila mwaka waliongezeka watu wale wale kwa idadi. Ukichukulia asilimia ileile kila mwaka, ambayo ni karibu zaidi na namna watu wanavyoongezeka, unapata kama milioni 28.2. Tofauti ni nusu milioni.

Na miaka hiyo haikuwa ya kawaida. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na wengine wakafuata. Desemba 1996 wengi wao walirudishwa. Wimbi hilo lote liliingia na kwa sehemu kubwa likatoka kati ya sensa ya 1988 na ya 2002, na mstari wa rula haukutikisika hata kidogo.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "takriban milioni 28 hadi 29, kwa makadirio" nampa alama zote mbili. Anayeandika "milioni 28.7" tu, nampa moja, na pembeni namwandikia: nani alihesabu mwaka 1995?