Kilo 8.2: pasentaili ya 24 au ya 7?

Mtoto wa kiume wa Mbagala, miezi 12 kamili, alipimwa kilo 8.2. Mama yake akaambiwa mtoto yuko pasentaili ya 24, yaani katika watoto 100 wa rika lake wenye afya, 24 hivi wana uzito chini ya wake. Tulipoirudia hesabu tukapata 7. Mizani haikuwa na tatizo. Aliyepiga hesabu alishika jedwali la wasichana.

Katika majedwali ya WHO ya mwaka 2006, kila jinsi na kila mwezi una mstari wake wenye namba tatu. M ni uzito wa katikati: nusu ya watoto wako juu yake, nusu chini. S hueleza watoto wametawanyika kiasi gani kuizunguka M. L ndiyo inayowasumbua wengi. Uzito hautawanyiki sawa pande zote mbili; upande wa watoto wazito una mkia mrefu zaidi, na L huurekebisha mkia huo ili pande zilingane. Uzito wa mtoto ukiwa X, Z huonyesha uko mbali kiasi gani na M, juu au chini yake, na hesabu ni hii:

```
Z = ((X/M)^L - 1) / (L*S)
```

Kwa wavulana wa miezi 12, L ni 0.0644, M ni 9.6479 na S ni 0.10925. Gawanya 8.2 kwa 9.6479, upate 0.84993. Ipandishe kwa kipeo cha 0.0644, upate 0.98958. Toa 1, kisha gawanya kwa L mara S, ambayo ni 0.0070357. Z inakuwa -1.48, na jedwali la mgawanyo wa kawaida linaipa Z hiyo pasentaili ya 7.

Usikate desimali njiani. Ukiandika 0.99 badala ya 0.98958, na 0.01 badala ya 0.0070357, Z inageuka -1 na mtoto anaruka hadi pasentaili ya 16. Nimeliona kosa hili mara nyingi kwa wanaotumia kikokotoo cha simu.

Z ya -1.48 bado iko juu ya -2, mpaka wa uzito pungufu, kwa hiyo peke yake isingetushtua. Ila kadi ilionyesha kilo 8.0 akiwa na miezi 9, na kwa mstari wa umri huo hiyo ni pasentaili ya 16. Ameongeza gramu 200 tu kwa miezi mitatu, wakati uzito wa katikati hupanda gramu 750 hivi. Ile 24 ingetuonyesha mtoto anayepanda, kumbe anashuka. Tulimpima tena bila nguo, kisha tukamuuliza mama kuhusu homa, kuharisha na uji anaompa.