Goitrojeni ni nini, na kabichi mbichi inadhuru tezi ya shingo?

Goitrojeni ni kitu chochote kinachoizuia tezi ya shingo (ile thairoidi) kutengeneza homoni zake, na ikizuiwa muda mrefu inaanza kuvimba, ndo rovu hilo au goita. Kabichi imo kwenye hilo kundi, ila watu wengi wanaogopa bila kujua inavyofanya kazi.

Jani la kabichi likiwa zima halina shida kubwa. Ndani yake kuna kemikali inaitwa glukosinolati, na pembeni, kwenye seli zingine, kuna kimeng'enya kinaitwa mairosinesi, vimetenganishwa. Sasa ukiikatakata au ukiitafuna mbichi vinakutana, ndo unasikia ile harufu kali na kauchungu kwenye ulimi, na hapo hapo zinatengenezwa thayosayanati na goitrini. Thayosayanati inagombania mlango na madini joto (iodini) yanapotaka kuingia kwenye tezi, goitrini yenyewe inazuia homoni isiungwe hata kama madini yameshaingia.

Je kupika kunasaidia? Ndio, tena sana. Moto unaua kile kimeng'enya, na ukichemsha kwenye maji mengi sehemu ya glukosinolati inatoka na kuingia kwenye maji, ukiyamwaga imeenda nayo. Ila haiishi yote, maana bakteria wa utumbo nao wanaweza kuibadilisha kiasi iliyobaki. Na kuipitisha tu kwenye mvuke dakika mbili tatu ikabaki inalia krachi krachi sio sawa na kuichemsha mpaka iive.

Kiasi ndo kila kitu hapa. Mwaka 2010 madaktari waliandika kuhusu bibi wa miaka 88 aliyekuwa anakula kabichi ya Kichina mbichi kilo 1 mpaka 1.5 kila siku kwa miezi kadhaa, akafikishwa hospitali amelegea, hawezi kutembea wala kumeza, kwa sababu tezi ilikuwa imezimika. Kilo nzima, kila siku! Kachumbari ya kiganja kimoja haipo hata karibu na hapo. Kuna utafiti mwingine watu walikula gramu 150 za kabichi ndogo zile za Brussels, zilizopikwa, kila siku wiki 4, homoni zao hazikusogea.

Anayepaswa kuwa makini ni yule asiyepata madini joto ya kutosha (mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250) au ambaye tezi yake tayari ni dhaifu, huyo apike na juisi ya kabichi mbichi ya kila asubuhi aache, kwa sababu kwenye glasi moja unabana kabichi nyingi ambayo usingeweza kuitafuna. Ukianza kuchoka hovyo, kusikia baridi wakati wenzio wako sawa, choo kigumu, ngozi kavu, kapime TSH, homoni inayoisukuma tezi ifanye kazi, ikiwa juu maana yake tezi inasukumwa na haiwezi. Ila aliyetolewa tezi yote na anameza vidonge vya homoni, kwake goitrojeni haina cha kuzuia.