Je, wajua kwa nini kipimo cha siliaki kinaweza kukupa jibu la uongo ukishaacha mkate?

"Mie nimeacha mkate na chapati miezi mitano na tumbo limetulia, nikaenda kupima siliaki nikaambiwa sina. Mbona nikionja boflo tu tumbo linajaa tena? Na mbona wale wageni wa mahotelini hawali ngano na wala hawaumwi?"

Dada yangu, ulipima wakati mwili umeshasahau. Siliaki ni ugonjwa wa mwili kuipiga vita ngano mpaka ukauharibu utumbo wake wenyewe. Kipimo chake cha damu hakitafuti ugonjwa wenyewe, kinatafuta hasira ya mwili juu ya ngano, na weye ngano ulikuwa huigusi, sasa hasira itoke wapi? Kwa hiyo jibu lile halikukwambia unao wala huna. Na hao wageni, wengi wao ni habari nyengine kabisa, nitafika huko.

Kwanza tujue gluteni, hicho kilichomo ndani ya ngano kinacholeta vita hivyo, ni kitu gani. Chukua donge la unga wa ngano uliokandwa kwa ajili ya chapati, likubwa kama ndimu, liweke kwenye bakuli la maji ulifinyefinye pole pole. Maji yatakuwa meupe kama tui, huo ni wanga unatoka. Mwaga, tia mengine, endelea mpaka maji yabaki safi, mkononi utabakiwa na kitu kijivujivu kinavutika kama ulimbo. Hiyo ndo gluteni, protini ya ngano, na ndiyo inayofanya chapati ivutike isikatike na mkate uumuke. Shayiri na rai nazo zina za jamii hiyo hiyo. Mchele hauna, mahindi hayana, mtama hauna, muhogo hauna.

Sasa nikupe habari ya mpwa wangu wa Wete, maana kwake yeye utaiona siliaki ilivyo. Alikuwa na miaka 22, anachoka mpaka ngazi za nyumbani anapumzika katikati, kope nyeupe, kucha zinakatika. Damu ikapimwa, hemoglobini 7.6. Akapewa vidonge vya madini ya chuma, akanywa miezi mitatu bila kukosa, ikapanda mpaka 8.4, alipoacha ikashuka tena. Wakatafuta minyoo, wakatafuta kichocho (Pemba lazima utafute kichocho), wakauliza hedhi yake ikoje, hakuna kilichoeleza. Na tumbo wala hakuwa analalamika sana, kujaa gesi kidogo tu, na nani Pemba hajajaa gesi. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza suali lililotufungua macho: kama vidonge vinamezwa na damu haipandi, je vinafyonzwa?

Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyweleo vidogo vidogo kama manyoya ya zulia, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Gluteni mwili hauwezi kuivunja yote, vipande vingine vinabaki vizima. Kwa watu wengi hakuna neno, vinapita tu. Lakini mwenye siliaki ana chembe za urithi, DQ2 au DQ8, zinazoufanya mwili wake uvione vile vipande kama adui, na ukishaanza vita haupigi gluteni peke yake, unapiga na utumbo wenyewe. Manyoya ya zulia yanalala, yanakatika, linabaki sakafu tupu. Na balaa lake vita vinaanzia pale mwanzo wa utumbo, pahala penyewe panapofyonzwa madini ya chuma. Ndo maana mtu anaweza kuwa na siliaki bila kuharisha hata siku moja, akaja na upungufu wa damu tu, au mifupa kuwa dhaifu, au mtoto asikue vizuri, au vipele vinavyowasha viwikoni na magotini visivyosikia dawa.

Kuwa na DQ2 au DQ8 si kuumwa lakini. Katika nchi nyingi karibu mtu mmoja kati ya watatu anazo, na wenye siliaki ni kama mmoja katika mia.

Mpwa wangu akatolewa damu, karatasi imeandikwa tTG-IgA, hizo ni kingamwili ambazo mwili unazitengeneza wakati wa vile vita. Zikaja juu mara nyingi kuliko kiwango cha kawaida. Pamoja nayo wakapima IgA ya jumla, yaani kingamwili zote za aina hiyo mwilini, na hili watu wengi hawalijui: wako watu mwili wao hautengenezi IgA kabisa, na kwa hao tTG-IgA itakuja safi hata kama utumbo umeshaharibika. Kwa hiyo ukiona karatasi ina tTG-IgA peke yake, uliza IgA ya jumla iko wapi. Baadaye akaingizwa mpira wa kamera mdomoni mpaka mwanzo wa utumbo, wakanyofoa vinyama vidogo vidogo pahala tofauti tofauti, si kimoja, kwa sababu ugonjwa huu unakula huku na kuacha kule. Jibu likarudi: vijinyweleo vimelala.

Na kilichomsaidia ni kuwa alikuwa bado anakula boflo na chai kila siku ya Mungu. Hakuwa ameacha kitu.

Weye uliacha. Ukiacha gluteni kingamwili zinashuka wiki kwa wiki, baada ya miezi zinaweza kurudi kawaida kabisa, na zulia linaota tena, kwa wengine haraka kwa wengine linachukua mwaka na zaidi. Sasa mtu akija kupima baada ya miezi mitano anakuta kila kitu kimetulia na anaambiwa huna, anarudi nyumbani kula mandazi, vita vinaanza upya hajui. Hili ndilo kosa linaloniuma kuliko yote kwenye mambo haya, na huwa linatokana na nia nzuri, mtu kasikia mahali kwamba ngano mbaya akaiacha kabla hajapima.

Zipo njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza, kipimo cha zile chembe za urithi. Hicho hakijali unakula nini, ukikosa DQ2 na DQ8 zote mbili basi siliaki karibu huna kabisa na hamna haja ya kuhangaika na kamera. Ukiwa nazo haithibitishi kitu, inasema tu inawezekana. Ya pili ni kurudi kula ngano kwa makusudi halafu upime tena, kawaida kama slaisi mbili za mkate kila siku kwa wiki sita mpaka nane, na hii usiifanye peke yako, ipange na daktari maana kuna watu inawatesa na atakwambia lini usimame.

Tuseme umefanya yote hayo na siliaki huna, na mzio wa ngano pia huna (ule wa kuvimba midomo na kutoka mabaka dakika chache baada ya kula), lakini boflo bado linakujaza tumbo. Hapo ndo watu wanasema usikivu wa gluteni. Maumivu ni ya kweli, sitaki mtu akwambie unajitia, ila utumbo hauharibiki, na hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Tena inawezekana mkosaji si gluteni. Mwaka 2018 watafiti wa Oslo walitoa matokeo ya watu 59 waliokuwa wameshaacha gluteni wenyewe na siliaki hawana. Waliwapa vitafunio vya aina tatu bila kuwaambia kipi ni kipi, wiki moja moja: vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na chochote. Fruktani ndiyo iliyowasumbua zaidi, gluteni haikuwa na tofauti ya maana na kile kitupu.

Fruktani ni aina ya sukari ambayo utumbo hauifyonzi, inashuka chini bakteria wanaichachua ndo gesi hiyo. Iko kwenye ngano. Na iko kwa wingi kwenye vitunguu maji na vitunguu thomu! Sasa jichunguze: ukila pilau ya shughulini, ile yenye vitunguu vya kukaangwa na thomu ya kutosha, mchele mtupu hauna gluteni hata chembe, tumbo linajaa vile vile? Kama linajaa, basi umemfukuza boflo na mwenziwe umemwacha chunguni.

Sasa wageni. Nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli ya pwani ya mashariki miaka minne, na wengi waliosema hawali gluteni wakishamaliza samaki walikuwa wanaagiza keki. Hao hawana siliaki, wameacha mkate kwa sababu wameona unawaletea uzito. Na kweli wengine wanajisikia wepesi, maana ukiacha gluteni umeacha na mandazi, keki, biskuti na kaimati kwa pamoja, nani asingejisikia mwepesi. Mtu asiye na tatizo haimdhuru kuacha, lakini haimtibu kitu pia, na zile biskuti za paketi zilizoandikwa hazina gluteni mara nyingi zina sukari ya kutosha, nyuzinyuzi kidogo, na bei yake Mungu mwenyewe ajua.

Tatizo ni jikoni kunavyozoea. Wapishi tukishaona kumi wanaosema hawali halafu wanakula, wa kumi na moja hatumsikilizi. Siku moja mama mmoja aliagiza muhogo wa kukaanga, akauliza mara mbili una ngano, tukajibu hauna, na muhogo kweli hauna. Ulikaangwa kwenye mafuta yale yale ya sambusa. Usiku ule alitapika mpaka alfajiri. Slaisi ya mkate ina kama gramu 2 za gluteni, na imejaribiwa kwamba miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kuharibu utumbo wa mwenye siliaki, yaani slaisi moja uigawe mafungu arubaini uchukue fungu moja. Ndo maana chakula kikitaka kuandikwa hakina gluteni, kiwango cha kimataifa ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo.

Kwetu mpwa wangu ana kikaango chake na pawa yake. Anakula wali, muhogo, ndizi, mkate wa kumimina, vitumbua anavyopika mamiye, vya kununua hapana kwa sababu wengine wanachanganya unga wa ngano. Bokoboko limemtoka, lile ni ngano tupu. Urojo naye bajia za dengu na kachori angeziweza, ila ule uji wenyewe watu wengi wanaufanya mzito kwa unga wa ngano, anaupika nyumbani kwa unga wa mchele. Baada ya miezi kumi hemoglobini ilikuwa 12.1, na vidonge vile vile vya mwanzo.

Daktari akataka na nduguze wapimwe, kwa kuwa ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa karibu mmoja kati ya kumi huwa anayo. Wakaenda wanne. Yule wa miaka 15, ambaye tumbo halijawahi kumuuma na skuli anacheza mpira kila jioni, ndiye aliyerudi na karatasi iliyo juu.