Mswada wa Nahodha: Nani Hasa Aliyeandika?

Kazi yangu hapa Lamu ni maneno ya watu wengine. Wapo ninaowahariria, na wapo ninaowaandikia jina likabaki lao. Siku hizi wanakuja pia wateja wa aina ya tatu: mswada umeandikwa na programu ya akili unde, na mwenyewe anaomba "usahihishwe tu, mwalimu". Bei ya kusahihisha ni ndogo kuliko bei ya kuandika, kwa hiyo namwelewa. Lakini hizo ni kazi tatu mbalimbali, na mahali pa kuziona tofauti zake ni kwenye sentensi moja moja.

Kijana mmoja aliniletea kumbukumbu za babake, nahodha mstaafu. Zilikuwa kurasa zaidi ya mia, Kiswahili kimenyooka, koma ziko mahali pake. Katika sura ya safari nikakuta hivi: "Mwaka 1986, upepo wa kaskazi ulitusukuma hadi Uarabuni tukiwa na shehena ya boriti, na machozi yakanitoka nilipoiona Lamu ikizama nyuma yetu."

Isome mara ya pili kama mtu wa mwambao. Kaskazi ndio upepo unaoleta vyombo kwetu kutoka Uarabuni, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Machi. Anayekwenda huko hungoja kusi. Hakuna nahodha wa Lamu anayeweza kukosea hilo, hata usingizini. Pili, Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje mwaka 1982, kwa hiyo shehena ile mwaka 1986 ingekuwa ya magendo, na mzee angejikuta amekiri kosa ambalo hakulitenda. Tatu, hayo machozi.

Nikamuuliza kijana maneno yale yametoka wapi. Akanifungulia simu. Mzee alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: walipakia boriti, wakaondoka, wakafika salama, wakarudi na tende. Basi. Hakutaja mwaka, hakutaja upepo (kwake ni kama kutaja kwamba chombo kilikuwa majini), wala hakulia. Kijana aliandika vidokezo akaipa programu, nayo ikajaza mapengo. Haikukusudia kudanganya. Programu hizi hutabiri neno linaloelekea kufuata lililotangulia, na habari za jahazi na Uarabuni huandamana na neno kaskazi mara nyingi mno. Kumbukumbu za wazee, kwa kawaida, huwa na mwaka na chozi.

Mwandishi wa kukodiwa naye hujaza mapengo, tena ndiyo anayolipwa kufanya. Ila mimi nikikuta pengo ninarudi kwa mwenye habari. Ningemuuliza: mliondoka mwanzo wa kusi au bahari ilikwisha chafuka? Nani alikuwa serahangi, yule mkubwa wa mabaharia? Boriti mlizipakia wapi? Nikishika kalamu, sentensi ni yangu lakini habari ni yake, na kila habari naweza kuionyesha katika rekodi, dakika ya ngapi. Ndiyo maana kazi hii ni ghali: kunakili rekodi ya saa moja kwa mkono kunaweza kula muda wa saa 4 au zaidi, kabla hujaandika aya hata moja.

Basi uaminifu wa anayeandikiwa uko wapi, ikiwa maneno si yake? Kwa maoni yangu uko katika mambo mawili. Ayasome au asomewe yote, na awe tayari kuyajibia mbele ya watu wanaoyajua. Kumbukumbu za nahodha, watu wanajua kwamba huenda zimeandikwa kwa msaada, na hakuna anayedhulumika. Tasnifu ya chuo ni jambo jingine kabisa, kwa sababu pale kinachopimwa ni uwezo wa mwanafunzi mwenyewe kuandika na kufikiri. Kazi hiyo siifanyi, hata mtu akinipandishia bei.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalitazama jambo hili kwa namna ya kupendeza. Kazi iliyoagizwa na kulipiwa, hakimiliki humwendea aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Lakini haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi haiuzwi pamoja nayo. Hubaki kwa mtunzi maadamu yu hai. Kwa hiyo ukimkodi mtu na unataka jina lake lisitajwe, liandikeni hilo katika mkataba, msiachiane kwa mdomo.

Mhariri ana mipaka mifupi zaidi. Lau mzee mwenyewe ndiye aliyeandika "kaskazi", nisingelibadilisha kimyakimya kuwa "kusi". Ningewasha kipengele cha kufuatilia mabadiliko na kuandika pembeni: "Mzee, huku si ndiko kaskazi inakotokea? Au mlikuwa mkirudi?" Huenda kweli walikuwa wakirudi, na kosa likawa la mpangilio wa sura. Mhariri anayesahihisha habari bila kuuliza ameshakuwa mwandishi bila ruhusa. Tahajia na sarufi nazitengeneza bila kuuliza. Muundo wa sura napendekeza. Habari na hisia sizigusi. Kiamu chake, lahaja yetu ya Lamu, katika mazungumzo nakiacha kilivyo, hata kikimkera msomaji wa bara. Mswada uliohaririwa hivyo unabaki wa mtunzi mia kwa mia, na jina langu likitajwa kwenye shukrani ni ihsani.

Rasimu ya akili unde haiwezi kupita mlango huo wa uhariri, kwa sababu hakuna wa kumwandikia swali pembeni. Kijana hajui kwa nini imeandikwa 1986. Mzee hajapata kuiona. Programu haina kumbukumbu ya safari. Dalili ninazoziangalia si mtindo wala hizo programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine; OpenAI wenyewe, waliounda ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Naangalia kama sentensi ina mwenyewe. Nachagua ukurasa, napigia mstari kila mwaka, jina, mahali na hisia, kisha namwambia mteja anionyeshe kila kimoja kilikotoka. Kwenye ukurasa ule wa safari karibu nusu ya mistari haikuwa na kwao.

Tuliketi na mzee barazani, mwanawe akamsomea sura ile kwa sauti. Kwenye kaskazi alicheka. "Aloandika haya hajapanda chombo." Kwenye machozi hakucheka, aliuliza nani amesema alilia. Hapo kijana akakubali kwamba hii si kazi ya kusahihisha.

Tukaanza upya na rekodi. Rasimu ya programu tuliitumia kwa jambo moja tu: orodha ya sura, ambayo haikuwa mbaya. Kijana akaniuliza kama hilo lazima litajwe. Amazon, kwa mfano, tangu Septemba 2023 huwataka wanaojichapishia kwao waseme kama maandishi yametungwa na akili unde, hata yakiwa yamehaririwa sana baadaye. Kusaidiwa kupata mawazo au kupanga hawalazimishi kutaja. Kwa kitabu hiki hakuna aliyetulazimisha, lakini gharama ya kusema ni mstari mmoja, nasi tukauweka. Ukurasa wa pili unasomeka: jina la mzee kama msimulizi, kisha "Imeandikwa na" na jina langu, kutokana na rekodi za sauti zilizo mikononi mwa familia, mpangilio wa awali wa sura ulisaidiwa na programu ya akili unde. Chini yake mzee akataka yaongezwe majina ya mabaharia wake, kwa sababu, alisema, hadithi nyingine ni wao waliomkumbusha.